Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Ustawi wa Wanyama: Mbwa na Paka wa Uso Bapa Wanakosa Hewa Dodoma

Nkuhungu, Dodoma
Novemba

Waheshimiwa wenye dhamana ya huduma za mifugo na ustawi wa wanyama,

YAH: KUZALISHA NA KUUZA MBWA NA PAKA WA USO BAPA WASIOWEZA KUPUMUA

Poleni na majukumu.

Mimi ni daktari wa mifugo. Miaka yangu ya mwanzo niliimalizia kwenye majosho na minada ya Kongwa na Mpwapwa, kwa ng'ombe na mbuzi, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitawaandikia ninyi barua juu ya pua ya mbwa. Lakini tangu Serikali ihamie Dodoma, mlango wa kliniki yangu umebadilika. Zamani mtu alikuja na kamba mkononi. Siku hizi anashuka kwenye gari lenye vioo vya giza akiwa amembeba mgonjwa kifuani kama mtoto, na kabla sijauliza shida ni nini nimeshaisikia: mlio wa kukoroma, mnyama akiwa macho.

Nimeandika barua mbili kwa ofisi inayohusika. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili nilijibiwa kwa mdomo, nikiwa nimesimama mlangoni, kwamba mbwa wa mapambo si kipaumbele. Sitaitaja ofisi hiyo, wala sitamtaja mfugaji anayewazalisha wengi wa wagonjwa ninaowaeleza hapa. Nataka jambo lenyewe lisikike, maana kila ninapolisema kwa utaratibu linaishia kwenye faili.

Ninapowataja wanyama wa uso bapa nina maana ya buldogi wa Kifaransa, yule mwenye masikio kama ya popo. Buldogi wa Kiingereza. Pagi, yule mdogo wa makunyanzi na mkia uliojikunja. Na paka wa Kiajemi, hasa wale ambao pua yao imepanda hadi kuwa sawa na macho. Malalamiko yangu ni haya.

1. Fuvu limefupishwa, nyama za ndani hazikufupishwa

Wengi wanadhani mbwa hawa wana pua ndogo tu, kama vile mtu anavyoweza kuwa na masikio madogo. Sivyo. Kwa vizazi vingi waliochaguliwa kuzaa walikuwa wale wenye uso mfupi zaidi, kwa sababu uso wa namna hiyo, wenye macho makubwa mbele, unatukumbusha mtoto mchanga. Mifupa ya uso ikafupika. Vilivyomo ndani ya mifupa hiyo, yaani ulimi, kaakaa laini, na zile tando za puani zinazopoza na kulowanisha hewa, havikufupika kwa kiwango hichohicho. Ni kama kuhamisha vyombo vya nyumba ya vyumba vitatu kuviingiza kwenye chumba kimoja. Kila kitu kipo, ila njia ya kupita hakuna.

Anzeni mbele. Tundu la pua la mbwa wetu wa kienyeji liko wazi, na mkato wake wa pembeni unaweza kuuona ukiwa umesimama. Tundu la pua la buldogi wa Kifaransa mara nyingi ni ufa mwembamba, na anapovuta hewa kwa nguvu ufa huo unajifunga badala ya kufunguka. Nyuma yake zile tando zimebanana. Nyuma zaidi, kaakaa laini ni refu na nene kiasi kwamba ncha yake inaning'inia kwenye mlango wa zoloto, ile sehemu ya koo inayotoa sauti. Mlio tunaouita kukoroma ni nyama hiyo ikipigwapigwa na hewa. Kwa buldogi wa Kiingereza kuna la ziada: mara nyingi bomba la hewa lenyewe limezaliwa jembamba.

Wembamba wa njia si jambo la kupuuzwa. Hewa inapopita kwa utulivu kwenye bomba, ukipunguza upenyo wa bomba hilo kwa nusu, ugumu wa kupitisha hewa hauongezeki mara mbili. Unaongezeka mara 16. Anayetaka kulionja jambo hili achukue mrija wa juisi, abane pua, apumue kwa mrija huo tu huku akipanda ngazi za ghorofa mbili. Yeye ataweza kuutoa mrija.

Na hali haisimami palepale. Mbwa anayevuta hewa kwa nguvu kupitia njia nyembamba anatengeneza mfyonzo kooni kila anapovuta pumzi. Mfyonzo huo unavuta kaakaa, linavimba. Unavuta vifuko viwili vidogo vilivyo pembeni mwa zoloto hadi vinapinduka na kutokeza nje, navyo vinaziba nafasi iliyobaki. Baada ya muda gegedu la zoloto lenyewe linachoka na kuanza kukunjika kwa ndani. Ndiyo maana mtoto wa miezi minne anaonekana mzima, muuzaji anapokea pesa zake, na matatizo yanaanza mtoto akiwa na mwaka au miwili, kwa mtu mwingine.

Dalili mwenye mbwa anaweza kuziona mwenyewe, akiambiwa azitafute. Mbwa analala amekaa, au ameegemeza kidevu juu ya kiatu ili koo linyooke. Wengine wanalala na mpira mdomoni, familia inapiga picha na kucheka, kumbe mnyama amejifunza kwamba mdomo ukifunga wakati wa usingizi hewa inakata. Anatapika povu au chakula mara kwa mara, kwa sababu mfyonzo uleule unavuruga umio na tumbo. Anashtuka usingizini. Haya yote huletwa kwangu kama vituko vya mbwa mcheshi.

2. Dodoma si mahali pa mbwa asiyeweza kuhema

Mbwa hatoi jasho kama sisi, ukiacha kidogo kwenye nyayo. Anajipoza kwa kuhema: hewa inapita juu ya ulimi na ndani ya pua yenye unyevu, maji yanakuwa mvuke, damu inapoa. Kwa hiyo mbwa mwenye pua iliyozibwa ana kasoro mbili kwa mpigo. Sehemu ya kupozea ni ndogo, na kazi ya kuvuta hewa ni kubwa kiasi kwamba kuhema kwenyewe kunampandisha joto. Kadiri anavyohema ndivyo koo linavyovimba, na kadiri linavyovimba ndivyo anavyozidi kuhema. Utafiti uliofanywa Uingereza na kutolewa mwaka 2020 ulionyesha kwamba uwezekano wa buldogi wa Kiingereza kupata maradhi ya joto ni takriban mara 14 ya ule wa mbwa aina ya Labrado, na wa buldogi wa Kifaransa ni mara 6. Hiyo ni Uingereza, nchi ambayo jua lake sote tunalijua. Sisi tuna Oktoba na Novemba ya hapa, kabla mvua haijashuka, pale hata mbuzi wanagombania kivuli cha mbuyu.

Niwaeleze juu ya Bonge. Alikuwa buldogi wa Kifaransa wa miezi 14, kilo 15, mnene kuliko inavyofaa, na mnene ana hali mbaya zaidi kwa sababu mafuta yanajaa hata kooni. Jumamosi moja ya Oktoba watoto walitoka naye saa nne asubuhi kwenda dukani, mwendo wa kama mita 400 kwenda na kiasi hichohicho kurudi. Watoto wanasema aliketi mara mbili njiani wakamvuta. Alipofika getini alilala chini, ulimi nje, akitoa mlio kama wa filimbi iliyopasuka. Jirani mwenye nia njema alidhani amekula sumu, akamnywesha maziwa. Nawaomba mliweke hili akilini: mnyama anayepigania hewa akinyweshwa kitu chochote, kinaingia mapafuni.

Alinifikia saa nne na dakika 50. Kipimajoto kilisoma 41.9. Mbwa mzima anakaa kati ya 38 na 39 na ushei. Ufizi ulikuwa wa zambarau. Tulimmwagia maji mwili mzima, tukawasha feni, tukampa oksijeni kwa barakoa, na dozi ndogo ya dawa ya kumtuliza ili aache kupambana na koo lake mwenyewe. Baada ya dakika 25 joto lilishuka hadi 39.5, nikasimamisha maji, maana ukiendelea kumpoza mnyama kupita hapo anaweza kushuka chini ya kiwango. Akainua kichwa. Watoto wakapiga makofi. Mimi sikupiga, kwa sababu nilijua joto la kiwango kile linapika utumbo na kuvuruga mgando wa damu, na kwamba athari huchelewa kuonekana. Kesho yake jioni alianza kuhara damu, na madoadoa mekundu yakatokea kwenye ngozi ya tumbo. Alikufa alfajiri ya siku ya tatu.

Baada ya kufa nilipima uso wake, kwa ruhusa ya mwenye mbwa. Kutoka ncha ya pua hadi kwenye mkunjo ulio katikati ya macho: sentimita 1.8. Kutoka hapo hadi kisogoni: sentimita 11.5. Pua yake haikufika hata sehemu moja ya tano ya fuvu. Nilipouliza alikonunuliwa, nikaambiwa. Nilipofungua rejista yangu nikakuta wagonjwa wengine wawili wa mfugaji huyohuyo, wa baba mmoja. Nilimpigia simu. Alinijibu kwa heshima kabisa kwamba wateja ndio wanaotaka pua ndani, na kwamba mama yake Bonge ana mimba nyingine.

3. Jicho lisilofumba

Fuvu likifupishwa, shimo la jicho nalo linakuwa la kina kifupi. Jicho linakaa nje, kope zinakuwa fupi kwa mviringo wa jicho. Mwangalieni pagi akilala: wengi wanabakiza mstari mweupe katikati, kope hazikutani. Kila anapopepesa, sehemu ya kati ya konea, kile kioo cha mbele cha jicho, haifutwi sawasawa na machozi. Inakauka. Juu ya hapo, mkunjo wa ngozi ulio juu ya pua una nywele, na nywele hizo zinasugua kioo hicho kutwa. Halafu, Waheshimiwa, kuna vumbi la Dodoma la Julai na Agosti, upepo ukitoka mashariki. Mimi mwenyewe mwenye kope timamu natembea nimefumba macho nusu.

Konea ya mbwa ina unene wa kama nusu milimita. Ikichubuka panakuwa kidonda, na kidonda kikishika bakteria kinaweza kuyeyusha kioo chote kwa siku chache. Kibaya zaidi, konea za wanyama hawa huhisi maumivu kidogo kuliko za wenye pua ndefu, hivyo mnyama halii mapema. Mwenye mbwa anaona tongotongo kwenye kona, jicho limefumbwa kidogo, anasema ni vumbi.

Hapa ndipo ninapokasirika. Pagi mmoja jike, jina lake Kidoti, aliletwa kwangu siku ya nne. Siku tatu alikuwa anawekewa matone yaliyonunuliwa dukani bila cheti, matone yenye deksamethasoni, ambayo ni steroidi. Kwa jicho la mzio dawa hiyo inaondoa wekundu vizuri sana. Kwa jicho lenye kidonda inazuia kidonda kupona na kuharakisha kuyeyuka. Namna ya kutofautisha inachukua dakika moja: unaweka rangi ya fluoresini kwa karatasi ndogo, unasuuza, unamulika kwa taa ya bluu. Konea isiyo na jeraha haishiki rangi. Palipochubuka panang'aa kijani. Kwa Kidoti kulikuwa na duara la kijani la milimita sita, na katikati yake shimo lisiloshika rangi. Waliosoma wanajua maana yake: kidonda kimefika kwenye utando wa mwisho kabla jicho halijatoboka. Lilitoboka usiku. Tuliliondoa.

Jicho la pili la Kidoti nilipima machozi kwa karatasi maalumu inayoachwa kwenye kope kwa dakika moja. Mbwa mwenye machozi ya kutosha analowanisha milimita 15 au zaidi. Yeye alilowanisha 8. Kona ya ndani ya jicho hilo imeanza kufunikwa na doa la kahawia, ile rangi ambayo wenye pagi wengi wanadhani ni uzee. Ni kovu la kukauka na kusuguliwa, na likifika katikati mbwa haoni. Kidoti ana miaka mitatu. Aliuzwa kwa tangazo lililosema "macho makubwa ya kuvutia".

Niongeze moja kwa sababu mbwa wa mtaani wapo wengi na hugombana: jicho la wanyama hawa linaweza kuchomoka kabisa wakishikwa kwa nguvu shingoni. Likitokea, lifunikeni kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi ya chumvi, msilisukume, mje mbio.

4. Paka analalamika kwa kunyamaza

Juu ya paka wa Kiajemi nitakuwa mfupi, si kwa sababu anaumia kidogo bali kwa sababu anaficha. Mfereji unaotoa machozi jichoni kwenda puani umekunjwa pamoja na uso, kwa hiyo machozi yanamwagika mashavuni, manyoya yanakuwa ya kahawia na ngozi chini yake inaoza. Kwenye konea linaweza kutokea bamba jeusi, kama kipande cha mkaa kilichobandikwa jichoni. Ni nyama iliyokufa, na kuitoa kunahitaji upasuaji. Matundu ya pua nayo ni yaleyale ya ufa.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni neno "mpole". Wauzaji wanamsifu: mpole, hapandi mezani, hakimbii, analala tu. Paka wa miezi minane asiyeruka wala kukimbia anastahili kusikilizwa kifua kabla ya kusifiwa. Na paka anayehema mdomo wazi kama mbwa yuko kwenye dharura, hata kama amekaa kimya.

5. Hata kuzaliwa ni kwa kisu

Kichwa kikubwa na nyonga nyembamba havipatani. Uchunguzi wa Uingereza uliotolewa mwaka 2010 ulikuta kwamba zaidi ya asilimia 80 ya uzao wa buldogi wa Kiingereza na wa Kifaransa ulitoka kwa upasuaji. Mama aliyelazwa kwa dawa ya usingizi akiwa na koo kama nililoeleza anaweza kufa wakati mpira wa kupumulia unapotolewa. Mama yake Bonge amepasuliwa mara tatu.

Najua majibu nitakayopewa, maana mengine nimeshayapata.

Nitaambiwa kukoroma ni kawaida ya aina hiyo. Ni kweli kwamba wengi wao wanakoroma. Malaria pia ilikuwa kawaida ya wengi zamani; hakuna aliyesema malaria ni tabia. Na uso huu si wa asili ya mbwa hao. Mchoraji wa Kiingereza William Hogarth alijichora mwaka 1745 akiwa na pagi wake mwenyewe, na pagi yule ana pua inayoonekana na miguu mirefu. Ufupi wa leo umeongezwa baadaye, zaidi na zaidi tangu maonyesho ya mbwa yaliposhika kasi karne ya 19. Kilichoongezwa kwa kuchagua wazazi kinaweza kupunguzwa kwa kuchagua wazazi.

Nitaambiwa upasuaji upo. Upo, na mimi naufanya: napanua matundu ya pua, napunguza kaakaa. Unamsaidia mnyama sana ukifanywa mapema, kabla zoloto halijachoka. Haumpi pua ya kawaida, na hauingii kwenye damu. Mbwa niliyempanua pua ataendelea kuzaa watoto wa ufa. Kusema kweli, kuna mfugaji aliyeniomba nimpanue dume lake kimya kimya ili apate wateja zaidi. Nilikataa, akaenda kwa mwingine.

Nitaambiwa kuna kichaa cha mbwa, kuna homa ya mapafu ya ng'ombe, kuna ukame. Hapo sina ubishi. Kama kuna shilingi moja tu, iende kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa. Lakini ninayoyaomba hapa chini hayahitaji bajeti ya dawa. Yanahitaji utepe wa kupimia, kipimo cha kusikilizia kifua, na sahihi.

Nitaambiwa hii ni riziki ya watu. Sawa. Anayezalisha mbwa kwa riziki anaweza kuzalisha wenye pua. Mbwa wa Wagogo anafuata mbuzi kutwa, kule Hombolo, hadi jua linapozama, na sijawahi kuletewa hata mmoja aliyekufa kwa kwenda dukani.

Na nitaambiwa nchi nyingine zinawaruhusu. Nyingine zimeanza kukataa. Uholanzi, tangu mwaka 2019, hairuhusu kuzalisha mbwa ambaye pua yake haifiki theluthi moja ya urefu wa fuvu lake. Norwe, mahakama ya Oslo ilitoa hukumu Januari 2022 dhidi ya kuzalisha buldogi wa Kiingereza. Sehemu hiyo ya hukumu ilitenguliwa kwenye rufaa mwaka huohuo, na nalisema hilo ili msije mkaambiwa nimewaficha. Ubishani upo juu ya njia. Juu ya ugonjwa wenyewe sijakutana na daktari anayebisha. Nasi tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008, inayokataza kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima. Sioni ulazima wa pua ya sentimita 1.8.

Kwa hiyo naomba yafuatayo.

Kwanza, mbwa wa uso bapa asizalishwe kabla hajatimiza mwaka mmoja na kupita kipimo cha mwendo. Kipimo hiki kilitengenezwa Chuo Kikuu cha Cambridge na kimekuwa kikitumika rasmi kwa wafugaji wa Uingereza tangu 2019. Daktari anamsikiliza mbwa kooni akiwa ametulia, anamtembeza mwendo wa mchakamchaka kwa dakika tatu, kisha anamsikiliza tena. Anapewa daraja kutoka 0 hadi 3. Mwenye 0 hana tatizo. Mwenye 3 asizae kamwe. Kipimo kirudiwe kila baada ya miaka miwili, maana nilishaeleza kwamba ugonjwa unajijenga. Hapa kwetu kifanyike saa moja asubuhi, si mchana, tusije tukawaua kwa kuwapima. Na kipimo hiki kina upungufu: mbwa mwenye daraja zuri leo anaweza kubeba watoto wabaya. Ndiyo maana ombi la pili.

Pili, urefu wa pua upimwe na uandikwe, kama nilivyompima Bonge, na asiyefika theluthi asizalishwe. Wanaoingizwa nchini nao wapimwe kabla ya kibali, pamoja na kuonyesha kipimo cha wazazi. Wafugaji watasema hakuna buldogi wa Kifaransa atakayepita. Wachache watapita. Wasiopita waishi, wapendwe, watunzwe, wasizae.

Tatu, kila anayeuza atoe karatasi yenye jina la baba na mama wa mnyama, daraja lao, vipimo vyao na idadi ya mara ambazo mama amepasuliwa. Mnunuzi akishaisoma na bado akataka, hiyo ni hiari yake. Leo hana cha kusoma isipokuwa tangazo.

Nne, maduka ya dawa yakumbushwe kutotoa matone ya macho yenye steroidi bila cheti, kwa mnyama wala kwa mtu.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 30. Rejista yangu ya wagonjwa wa uso bapa, majina ya wenyewe yakiwa yameondolewa, iko tayari na naweza kuileta ofisini kwenu Mtumba siku yoyote mtakayonipangia, asubuhi. Pamoja nayo nitaleta utepe. Mama yake Bonge anatarajiwa kuzaa wiki ya pili ya Desemba, na nimeshaombwa niandae chumba cha upasuaji.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Daktari wa mifugo,
Nkuhungu, Dodoma.